Kinachometameta ndani ya No. 5, na kwa nini pua yako inasema "sabuni"

*Shikamoo mtaalamu. Mama mdogo ameniachia chupa ya Chanel No. 5, ya siku nyingi, imebaki kama nusu. Nikijipaka najiona kama nimetoka kuoga na sabuni ya kipande. Dada yangu anasema kwake inachangamka kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nimesoma mahali kwamba ni "aldehaidi". Ni vitu gani hivyo, vinanukia nini hasa, na chupa yangu ni nzima au imeharibika? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba, binti yangu. Wewe na dada yako mnanusa kitu kilekile, na wote wawili mko sawa. Ila tusianze na chupa. Tuanze jikoni, maana vitu hivi umevinusa tangu utotoni bila kutajiwa majina yake.

Chukua chungwa, kata kipande cha ganda, ulikunje kwa vidole karibu na pua. Yale mafuta yanayoruka kama rasharasha ni limonini kwa zaidi ya asilimia 90. Limonini peke yake ina harufu nyepesi isiyo na sura. Ukipewa kwenye karatasi utasema ni jamii ya ndimu na machungwa, basi. Kinachoifanya pua itamke "chungwa" ni vitu vidogo vilivyobaki, na miongoni mwao zimo aldehaidi mbili, oktanali na dekanali. Havifiki hata asilimia moja ya mafuta yote, lakini ukiviondoa chungwa linakufa. Sasa washa mshumaa, uzime, unuse ule uzi wa moshi mweupe kabla haujakatika: kuna nta, kuna mafuta yaliyopata moto, kuna ukali kidogo unaopanda puani. Mwisho ponda jani la kotmiri. Ukiyaweka haya matatu pamoja kichwani, ganda la chungwa, mshumaa uliozimwa na kotmiri, umeshapata picha ya aldehaidi za manukato kabla hujasoma kemia yoyote.

Kemia yenyewe si ndefu. Molekuli ya aldehaidi ni mnyororo ambao ncha yake moja imebeba kaboni, oksijeni na haidrojeni kwa mpangilio unaoandikwa CHO. Kwa maana hiyo neno ni pana mno. Fomalini ya kuhifadhia maiti ni aldehaidi iliyoyeyushwa majini. Harufu kuu ya mdalasini ni aldehaidi, ya mchaichai ni aldehaidi, hata ya vanila ni aldehaidi. Lakini mtunga manukato akisema "hii ina aldehaidi" bila kuongeza neno, hazungumzii mdalasini. Anazungumzia zile za jamii ya mafuta ya kula na nta: mnyororo mnyoofu wa kaboni, kwa kawaida kati ya 8 na 12, wenye CHO mwishoni. Kwenye chupa za dukani huandikwa kwa hesabu ya kaboni hizo: C-8, C-9, C-10, C-11, C-12.

Kila ukipanda ngazi moja harufu inahama kidogo, na uhamaji huo una utaratibu. C-8 ni ganda la chungwa lenye mafuta mafuta. C-9 bado ina ganda, lakini waridi limeanza kuchungulia. C-10, ndiyo dekanali, ni ganda na nta kwa sehemu sawa. C-11 huuzwa kwa sura mbili. Ile ninayoipenda ina kifungo maradufu mwishoni mwa mnyororo, huitwa undesileniki, nayo ni ya usafi mtupu, nguo iliyotoka kufuliwa, na waridi kwa mbali. C-12, lauriki, ni nta zaidi kuliko ganda, sabuni, na kitu kama ua la urujuani. Kuanzia hapo molekuli zinazidi uzito, zinashindwa kuruka vizuri, na harufu inafifia. Kuna moja ya pembeni, C-12 MNA, ambayo mnyororo wake una kitawi kidogo ubavuni. Hiyo ina ubaridi wa chuma na ubani.

Jihadhari tu na namba kubwa. Ukienda kununua "aldehaidi C-14" utapewa harufu ya pichi, C-16 ni stroberi, na C-18 ni nazi. Hazimo kabisa katika ukoo huu. Ni majina ya biashara ya zamani yaliyobaki yakizunguka madukani. Nimewahi kumwona kijana aliyetaka kutunga harufu ya "nguo safi" akaishia na harufu ya kashata.

Sasa sabuni. Watu wengi hudhani kuna mtu alitia sabuni kwenye manukato. Historia imekwenda karibu kinyume chake, na ina mizizi miwili.

Mzizi wa kwanza ni undugu wa kweli. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ukichukua mafuta ya nazi, karibu nusu ya asidi zilizomo ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Aldehaidi C-12 ni ndugu yake wa damu: mnyororo ni uleule, tofauti iko kwenye ncha tu. Mafuta yanapokutana na hewa, mwanga na joto, minyororo yake hukatika na aldehaidi za ukoo huu huzaliwa zenyewe, kidogokidogo. Kwa hiyo pua iliyokulia kwenye nyumba yenye sabuni, nta, pasi ya moto na nguo za pamba tayari inazifahamu. Mwaka 2020 watafiti huko Copenhagen walichapisha kazi moja nzuri ya taulo: walizifua kwa maji matupu, wakaanika nyingine ndani, nyingine nje kivulini, nyingine juani. Zile za juani zilitoa aldehaidi ambazo hazikupatikana kwenye nyingine, na oktanali na nonanali zilikuwamo. Ile harufu ya shuka iliyokauka kwenye kamba mchana wa jua, ambayo kila mama wa pwani anaijua, si mawazo tu. Zimo C-8 na C-9.

Mzizi wa pili ni biashara. Manukato yenye aldehaidi yalipopata umaarufu miaka ya 1920, watengenezaji wa sabuni waliyafuata. Walikuwa na sababu zao: aldehaidi ni za bei nafuu, kidogo chake kinafika mbali, na kwa kuwa ni za ukoo wa mafuta zinakaa vizuri juu ya harufu ya shahamu ya sabuni na kuificha. Kipande cha sabuni ya kuogea kikawa kinabeba maua na aldehaidi kama chupa ya bibi tajiri wa Paris. Miaka ikapita. Mtoto akazaliwa, akaogeshwa kwa sabuni ile kila siku, akafika miaka ishirini ndipo akafunguliwa No. 5 kwa mara ya kwanza, naye akasema: mbona inanukia sabuni? Kusema kweli ni sabuni yake iliyokuwa inanukia No. 5.

Mwili wako nao umo katika hadithi hii. Ngozi ya binadamu ina mafuta yanayotoa nonanali na dekanali yanapokutana na hewa. Utafiti uliochapishwa 2022 kuhusu mbu wa aina ya Aedes aegypti ulionyesha kwamba dekanali na undekanali, yaani C-10 na C-11, ni miongoni mwa vitu vinavyoitofautisha harufu ya mtu na ya wanyama wengine, na mbu hao wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana manukato haya yakitulia huonekana kama ngozi iliyooga badala ya kitu kilichopakwa juu ya ngozi.

Lakini dada yako anasema soda, na hilo ndilo swali gumu zaidi. Kwa nini kitu chenye nta na mafuta kichangamke?

Fikiria kwanza ndimu. Ndimu inang'aa, kisha dakika chache baadaye imekwisha, kwa kuwa molekuli zake ni nyepesi na zote huruka mara moja. Dekanali ni nzito kuliko limonini, hivyo huruka polepole zaidi. Kwa mantiki ya uzito peke yake ingepaswa kuwa ya chinichini. Kinachoiokoa ni wepesi wa pua yetu kuikamata: kiasi kama sehemu moja katika bilioni ya maji kinatosha kuhisika. Molekuli chache tu zikiruka, pua imeshapiga kengele. Kwa hiyo unapata mng'ao wa ganda la chungwa ambao haukimbii na dakika zile tano za ndimu. Unabaki juu ya maua yanapofunguka, robo saa, nusu saa, na C-12 hubaki hata zaidi.

Halafu kuna kazi ya kupingana na utamu. Langilangi, asumini na waridi vikiwa vingi kwenye chupa moja hulemea. Langilangi hasa, yule wa Komoro unayemjua kutoka kwenye vikuba na mafuta ya nywele, ana utamu mzito kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Aldehaidi inafanya juu yake kazi ambayo ndimu inafanya juu ya mchuzi wa nazi: haiongezi ladha yake sana, bali inakufanya uonje kila kilichomo. Nta inashikana na maua, ganda linayakata. Pua inapokea vyote viwili kwa pamoja, inashindwa kuamua ni kipi, na ule mtikisiko wa kutoamua ndio tunaouita kumetameta.

Kuhusu soda yenyewe, kuna jambo la mwili. Ukifungua chupa ya dekanali tupu na kuinusa kwa ujasiri utachomwa puani na macho yatakutoka machozi. Mchomo huo haupiti kwenye harufu. Unapita kwenye neva ya trijemino, inayobeba hisia za uso, ileile inayokuambia soda ina gesi na pilipili ina ukali. Ndani ya manukato kipimo ni kidogo na mchomo wenyewe haupo tena, lakini harufu ina sura ileile yenye ncha, na ubongo unakumbuka. Dada yako hajakosea hata kidogo.

Tofauti ya pua zenu inaweza pia kuwa ya kuzaliwa. Jaribuni kotmiri ileile, wewe na yeye. Kuna watu ambao kwao kotmiri ni sabuni tupu, na mwaka 2012 utafiti mkubwa wa vinasaba uliwahusisha kwa sehemu na eneo la jeni la kipokezi cha harufu kinachoitwa OR6A2, ambacho hukamata aldehaidi za kundi hili. Sehemu ya urithi ni ndogo, mazoea yana nguvu zaidi, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba damu ndiyo imeamua. Lakini kama unaitoa kotmiri kwenye kachumbari, nisingeshangaa.

Sasa tuje kwenye chupa yako. No. 5 ilitungwa na Ernest Beaux na kutoka mwaka 1921. Yeye alizaliwa Moscow, akafanya kazi huko kwenye nyumba ya manukato ya Rallet, na baada ya mapinduzi akahamia Ufaransa. Alimpelekea Gabrielle Chanel sampuli zenye namba 1 hadi 5 na 20 hadi 24, naye akachagua ya tano. Hakuwa wa kwanza kutumia aldehaidi. Mwaka 1912 nyumba ya Houbigant ilikuwa imeshatoa Quelques Fleurs, iliyotumia C-12 MNA, na mwanakemia wa Kifaransa Georges Darzens alikuwa ameonyesha mwanzoni mwa karne njia ya kutengeneza molekuli za namna hiyo maabara. Alichofanya Beaux ni kuzitumia kwa kiasi ambacho hakuna aliyethubutu, na kuchanganya kadhaa kwa pamoja, C-10, C-11 na C-12, mpaka hakuna hata moja inayotambulika kwa jina lake. Ukinusa C-10 peke yake utasema chungwa. Zikiwa tatu, chungwa linapotea, mshumaa unapotea, na kinachobaki hakifanani na kitu chochote cha duniani. Huo ndio ujanja wenyewe.

Utasikia kisa kwamba msaidizi wake alikosea akatia aldehaidi mara kumi ya kipimo. Mimi sikiamini. Kabla ya vita ya kwanza Beaux alikuwa tayari ametunga manukato mengine Moscow, Le Bouquet de Catherine, baadaye yakaitwa Rallet No. 1, nayo yana mpango unaokaribiana sana na No. 5, aldehaidi zikiwemo. Mtu hakosei kwa bahati mbaya kitu alichokwisha kukifanya miaka kadhaa nyuma. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba alikuwa anatafuta ubichi wa mito na maziwa ya kaskazini ya mbali, alikotumikia wakati wa vita, chini ya jua la usiku wa manane.

Kosa la mara kumi mimi ndiye niliyelifanya, kwa mkono wangu, na linafaa kukueleza vizuri kuliko maneno yote ya juu. Nilikuwa natengeneza vichupa vitatu vya kufundishia. Kila kimoja nilikitilia gramu 10 za mchanganyiko uleule wa maua: langilangi, asumini, waridi na sandali kidogo chini. Aldehaidi nilikuwa nimezichanganya C-10, C-11 undesileniki na C-12 kwa mafungu sawa, kisha nikazimua kwenye ethanoli mpaka asilimia 10. Hakuna anayefanya kazi na aldehaidi tupu. Tone moja tupu kwenye meza na chumba kizima hakifai mpaka kesho.

Kichupa cha kwanza hakikupata kitu. Cha pili kilipata nusu gramu ya ule mzimuo, yaani gramu 0.05 ya aldehaidi halisi, karibu nusu ya asilimia. Cha tatu nilikusudia kukitilia kiasi kilekile ili kuhakikisha, lakini nilivuta chupa isiyo sahihi: nusu gramu ya aldehaidi tupu, ambazo sikuwa nimezimua. Nikaziba, nikaandika kibandiko, nikaenda kula.

Niliporudi nilichovya karatasi tatu. Ya kwanza: maua mazito, matamu, yamelala. Mtu angesema ni mafuta ya harusi, mazuri, lakini yamekaa palepale yalipo. Ya pili ilikuwa maua yaleyale yakiwa yamesimama. Sikuweza kuonyesha kwa kidole aldehaidi iko wapi. Asumini ndiyo iliyoonekana kubwa zaidi, na harufu ilinifikia karatasi ikiwa umbali wa mkono mzima, wakati ya kwanza ilibidi niisogeze puani. Ya tatu ilinipiga kabla sijaiinua: mshumaa uliozimwa, pasi iliyoachwa juu ya shati, sabuni ya kufulia, na chini kabisa maua yakilia kwa mbali. Viungo ni vilevile. Kilichotofautiana ni kama asilimia nne na robo ya mchanganyiko. Hapo ndipo wanafunzi wangu walipoelewa kwamba sabuni na mng'ao ni kitu kimoja kilichopimwa tofauti.

Kile cha tatu sikukimwaga. Nilikizimua kwenye ethanoli mpaka asilimia 15, nikakiweka kabatini. Baada ya wiki nne ukali ulikuwa umepungua waziwazi, ingawa bado hakikufaa kuvaliwa. Hilo nalo lina sababu: aldehaidi ikikaa kwenye ethanoli, sehemu yake huungana nayo polepole na kuwa kitu chenye harufu laini zaidi. Ndiyo maana manukato ya namna hii huachwa yatulie wiki kadhaa kabla ya kutiwa chupani, na ndiyo maana anayejitungia nyumbani asihukumu kazi yake siku ileile.

Muda unaolainisha ndio pia unaoharibu. Adui wa kwanza ni hewa. Aldehaidi ikipata oksijeni hugeuka kuwa asidi yenye kaboni zilezile, na asidi za C-8 na C-10 zina majina ya kitaalamu yanayotokana na neno la Kilatini la mbuzi: kapriliki na kapriki. Hawakuyachagua bure. Kilichokuwa ganda la chungwa kinakuwa zizi, au mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi. Nilishauziwa dekanali iliyokaa dukani muda mrefu kwenye chupa iliyojaa nusu. Ilikuwa imeanza kunuka beberu, na chini kulikuwa na chembe nyeupe kama nta, kwa sababu molekuli hizi pia hushikana tatutatu zikawa kitu kigumu. Adui wa pili yuko ndani ya chupa yenyewe: baadhi ya vitu vya asumini na maua ya mchungwa, vyenye naitrojeni, huungana na aldehaidi na kutengeneza rangi. Manukato yaliyokuwa ya dhahabu hafifu yanakuwa ya chai ya rangi. Weusi huo peke yake si ushahidi wa kuharibika.

Kwa hiyo usiipime chupa yako kwa rangi, wala kwa pumzi ya kwanza toka mdomoni mwa chupa, maana pale ndipo uozo wote hukusanyika. Futa mdomo wa chupa kwa pamba yenye spiriti. Weka tone moja kwenye kipande cha karatasi nyeupe isiyo na harufu, uache spiriti iruke sekunde thelathini, kisha nusa. Nusa tena baada ya dakika ishirini, na tena baada ya saa mbili.

Ikiwa mwanzo kuna mng'ao, ganda, ubaridi, sabuni safi, halafu maua yanapanda na sabuni inarudi nyuma bila kuondoka, chupa ni nzima na unachokinusa ndicho alichokikusudia Beaux. Ikiwa mwanzo kumepwaya, kama mtu aliyeamka hajanawa uso, kuna harufu ya mafuta yaliyochacha au rangi ya kucha, lakini baada ya dakika ishirini maua, sandali na vanila vinatokea vizuri, basi kilichokufa ni kichwa tu, yaani harufu ya mwanzo. Hali hii ndiyo ya kawaida kwa chupa za zamani zilizobaki nusu, kwa sababu nusu nyingine ni hewa. Inavalika, jipake nusu saa kabla ya kutoka. Ikiwa uchachu bado upo baada ya saa mbili, hapo maji yameshamwagika.

Kwa maelezo uliyonipa, kwamba wewe unanusa sabuni na dada yako soda, sidhani aldehaidi zako zimekufa. Chupa iliyochacha haimchangamshi mtu. Ila isogeze kutoka hapo ilipo ikiwa ni juu ya meza ya kioo: joto na mwanga wa Tanga huharakisha yote niliyoyaeleza. Ndani ya kabati la nguo, kwenye kisanduku chake, panatosha. Usiiweke kwenye friji pamoja na samaki. Na kama kiasi kilichobaki ni kidogo kuliko hewa iliyo juu yake, kihamishie kwenye kichupa kidogo cha kioo kinachojaa mpaka shingoni, ukifunge vizuri.

Kama sabuni inakukera bado, usijipulizie shingoni, kwa kuwa hapo pua yako inakaa ndani ya zile dakika za mwanzo. Weka kwenye upindo wa kanga. Kitambaa hakina joto la ngozi, kitaziachia aldehaidi polepole, na zitakufikia zikiwa zimeshachanganyika na maua.